Dada Chujio na sehemu ya tano iliyorukwa

Saa mbili asubuhi Dada Chujio anavua viatu, anavisukuma chini ya meza kwa kisigino, kisha anafumba macho na kusali. Sala yake ni fupi. Anaomba asimdhulumu mtu aliyeona kweli, wala asimpitishe aliyeota. Akimaliza, anawasha kompyuta.

Foleni imeshajaa. Alfajiri ya leo tamthilia mpya imeachiwa msimu mzima kwa mkupuo, sehemu nane, na watazamaji waliodamka nayo wameanza kutuma walichokiona. Mmoja anasema saa ya ukutani katika sehemu ya kwanza inaonyesha wakati uleule kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwingine anasema koti la askari lina vifungo vinne, halafu vitano. Wa tatu ameandika kwamba amelia mpaka mto umelowa.

"Huyu namwonea huruma," anasema, huku akibonyeza kitufe cha kukataa. "Lakini kulia si dondoo."

Dondoo ndiyo kazi yake. Ni jambo dogo la kweli kuhusu tamthilia: kosa la mpangilio, kitu kilichofichwa nyuma ya mwigizaji, namna tukio fulani lilivyotengenezwa. Watazamaji wanazituma kwenye hifadhi moja ya mtandaoni, na watu kama yeye wanazipima kabla hazijawekwa kwenye ukurasa wa sehemu husika. Wenzake walimpa jina la Chujio mwezi wa kwanza tu, na limemganda kama rangi ya kucha.

Chumba chao kina meza sita, feni moja isiyozunguka sawasawa na dirisha linalotazama ua wa duka la vyuma. Meza ya jirani anakaa mzee mmoja mwembamba wanayemwita Ushahidi, kwa sababu hata ukimwambia nje mvua inanyesha, atauliza ushahidi uko wapi.

Malipo yao hayana majivuno. Mtu hulipwa kwa kila dondoo aliyoipima, na dondoo arobaini ndizo zinazonunua kilo moja ya sukari. Kabla ya hapo Dada Chujio alikata tiketi kwenye ukumbi wa sinema hadi ukumbi ulipogeuzwa ghala la mafriji. Anasema alihama na filamu zake kama kuku anavyohama na vifaranga.

Ukikaa naye nusu siku utaelewa jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kulifikiria: namna tamthilia inavyotolewa huamua kiasi gani cha tamthilia hiyo kitakumbukwa.

Zamani, anaeleza, kituo cha televisheni kilikuwa na saa za kujaza na matangazo ya kuuza. Msimu mmoja uliweza kufika sehemu ishirini na mbili au zaidi, moja kila wiki, kwa sehemu kubwa ya mwaka. Siku hizi jukwaa la kulipia halina ratiba ya kujaza. Linachotaka ni mteja asikatishe malipo. Sehemu nane ndefu, zilizogharimiwa sana, zinatosha. Ndiyo maana misimu imefupika.

"Chukulia sehemu ni misumari ukutani na dondoo ni nguo," anasema. "Misumari ishirini na miwili, utatundika nguo za ukoo mzima, hata soksi za mjomba. Misumari minane, nguo zinarundikana."

Na jinsi zinavyorundikana, anaongeza, inategemea mkupuo au wiki.

Tamthilia ikitoka kila wiki, dondoo huja kwa mawimbi. Siku ya kwanza ni makosa: kikombe kilichojaa chenyewe, jeraha lililohama mkono. Siku ya pili na ya tatu watu wamerudia kutazama, wanaona kilicho nyuma. Katikati ya wiki mafundi wa tamthilia wenyewe wanahojiwa kuhusu sehemu hiyo moja, na siri za utengenezaji zinatoka. Sehemu inayofuata inapofika, ile ya nyuma imeshashiba. Kila ukurasa unapata wiki yake ya kupendwa.

Ikimwagwa kwa mkupuo, foleni inafurika siku tatu kisha inakauka kama kisima kilichokosewa. Ya kwanza inapata dondoo sitini, kwa kuwa kila mtu ameianza. Ya mwisho inapata arobaini na kitu, kwa kuwa kila mtu anataka kuizungumzia. Zile za katikati zinaambulia tatu, mbili, pengine hakuna. Tena nyingi huwekwa ukurasa usio wake, kwa sababu mtu aliyetazama saa saba mfululizo hajui sehemu ya nne iliishia wapi na ya tano ilianzia wapi.

Ushahidi, ambaye alikuwa akisikiliza huku amejifanya hasikilizi, anadai tuwe waadilifu. Mkupuo nao una macho yake, anasema. Aliyetazama sehemu ya pili na ya sita siku moja ataona kovu limehama shavu. Wa kila wiki ameshalisahau.

"Ni kweli," Dada Chujio anakubali. "Wa mkupuo wanaona kosa. Wa kila wiki wanaona kwa nini."

Anaposema hivyo sauti inamshuka kidogo. Kauli hiyo ameipata kwa gharama.

Dada Chujio alikuwa na mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, aliyekuwa fundi wa kupaka mandhari: kuta, milango na mawe ya uongo yanayojengwa studio ili kamera iyaone kama kweli. Mama yao mpaka leo humwita Kitinda. Kazi yake ya mwisho ilikuwa tamthilia iitwayo *Lango la Bwawa*, kuhusu familia ya mlinzi wa bwawa kuukuu lililo juu ya mji. Alikuwa ameweka sahihi kwamba hatasema lolote mpaka itoke. Akalitunza neno lake. Maradhi ya ghafla yakamchukua miezi minne kabla haijatoka.

Ilipotoka, ilitoka yote kwa mkupuo.

Mama alikuwa ameomba jambo moja tu: aone jina la mwanawe likipita. Binti akamwekea tamthilia sebuleni, na kila sehemu ilipokwisha Mama aliinuka kwenye kochi, akajifunga kanga vizuri, akasimama kama watu wanavyosimama jeneza linapopita. Majina yakaanza kupanda. Na kila mara, kabla hayajafika kwa wapaka rangi, yakajikunja pembeni mwa kioo cha televisheni na sehemu inayofuata ikaanza yenyewe.

"Mbona wanamfukuza?" Mama aliuliza.

Binti alikuwa na foleni ya kazi inayomsubiri. Alikuwa akiitazama tamthilia hiyohiyo kwa mbio, dondoo mkononi, jicho moja kwenye kioo na jingine kwenye saa. Akamwambia Mama kwamba atamtafutia kitufe cha kuzuia. Hakukitafuta mpaka wiki ya pili, na hapo ndipo walipoliona jina la Kitinda, mara moja tu katika msimu mzima: mwisho wa sehemu ya tano.

Sasa, sehemu ya tano ya *Lango la Bwawa* ndiyo ambayo watazamaji waliibatiza "ya kuruka". Inafanyika yote ndani ya jiko la mlinzi wa bwawa. Mume, mke na bibi wanazungumza, wanapika, wananyamaza. Hakuna anayefukuzwa, hakuna gari linalopinduka. Zamani, kwenye misimu mirefu, sehemu za chumba kimoja zilikuwa za kawaida, maana zilibana matumizi na kuwapa waigizaji wadogo siku yao. Kwenye msimu wa sehemu nane uliomwagwa kwa mkupuo, watu waliipita mbiombio kwenda kuona bwawa likibomoka sehemu ya nane.

Ukurasa wake ulikuwa na dondoo mbili tu. Na hifadhi ina kanuni: ukurasa usiofikisha dondoo tano ndani ya miezi sita unakunjwa. Unaingizwa kwenye ukurasa wa msimu mzima, na orodha ya mafundi wa sehemu hiyo inaondoka, wanabaki wakubwa tu. Fundi mpaka rangi si mkubwa.

Mama alipoelezwa, hakulia. Aliuliza swali ambalo binti yake anasema lilimkalia kifuani kama jiwe la kusagia.

"Kukunja wakunje, mwanangu. Lakini alifanya nini mle ndani? Miezi yote ile mwanangu alifanya nini?"

Hakuna aliyejua. Wala Dada Chujio hakuweza kujaza ukurasa mwenyewe. Mpimaji haruhusiwi kutuma dondoo, na palipo na ndugu yake haruhusiwi hata kupima. Alikwenda kwa msimamizi, akasema ukweli, na ukurasa wa sehemu ya tano akakabidhiwa Ushahidi, mtu ambaye, kwa maneno ya Dada Chujio, angemwomba malaika kitambulisho.

Kulikuwa na jambo jingine lililomchoma. Mojawapo ya zile dondoo mbili aliipitisha yeye, wikendi ile ya mbio, kabla hajajua jina la Kitinda liko wapi. Ilisema: *Kosa: doa la unyevu kwenye ukuta wa jiko linabadilika ukubwa kati ya tukio na tukio.* Alitazama haraka, akaona kweli linabadilika, akabonyeza.

Alikwenda kanisani siku tatu mfululizo, mchana, wakati wa mapumziko ya kazi, akakaa benchi la nyuma. Anasema hakuomba ukurasa ubaki. Aliomba watu wapewe subira.

Siku ya nne aliandika tangazo kwenye baraza la wasomaji wa hifadhi, jambo ambalo kanuni haikatazi. Hakumtaja ndugu yake. Alisema tu: wanaopenda, tutazame *Lango la Bwawa* upya kana kwamba inatoka kila wiki. Sehemu moja kila Jumanne, na asiende mtu mbele hata akiwashwa.

"Walinicheka," anasema. "Mmoja aliuliza kama nimeajiriwa na kampuni ya kuuza subira."

Jumanne ya kwanza walijitokeza watu wasiofika hamsini. Ya pili wakaongezeka. Kufikia ya nne walikuwa mia tatu na ushei, na mawimbi yale ya zamani yakaanza kurudi. Kurasa za sehemu ya pili, ya tatu na ya nne, zilizokuwa zimekonda, zikaanza kuota nyama. Ushahidi alilalamika kwamba mikono inamuuma, lakini hakuonewa huruma.

Jumanne ya tano Mama alikuja kukaa karibu na kioo, kanga tayari mabegani. Walitazama jiko. Majina yalipopanda, Dada Chujio alikuwa amekwisha kushika kitufe, na jina la Kitinda likapita lote, taratibu, likatoka juu. Mama akakaa.

Jumatano zilikuja dondoo mbili tatu za vikombe. Ushahidi alipitisha moja, zikawa tatu kwenye ukurasa. Alhamisi ikapita kavu. Tarehe ya kukunja ilikuwa Jumatano iliyofuata.

Ijumaa ndipo alipoandika mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa fundi bomba mstaafu. Alisema ameitazama sehemu hiyo mara tatu tangu Jumanne, maana hana haraka ya kwenda popote. Alisema anaipinga ile dondoo ya kosa. Maneno yake Dada Chujio ameyashika kwa moyo:

"Mimi nimeishi na maji yanayovuja maisha yangu yote. Doa lile halikosei. Linakua."

Fundi bomba alikuwa amelipima kwa kulilinganisha na dirisha la jiko. Tukio la kwanza la sehemu ile, doa ni dogo kama sarafu, juu ya sinki. Familia ikiwa inabishana kuhusu chumvi, limefika ukubwa wa sahani. Bibi anaposimulia mazishi ya mumewe, limegusa fremu ya dirisha. Hakuna hata mmoja katika tamthilia anayelitazama wala kulitaja. Bwawa lilikuwa limeanza kuvuja tangu sehemu ya tano, mbele ya macho ya kila mtu, na dunia nzima iliruka kwenda kusubiri mafuriko sehemu ya nane.

Dada Chujio anasema aliposoma aliiacha foleni. Alitoka nje, akasimama kwenye ua wa duka la vyuma, akaangalia ukuta wa kawaida kabisa kwa muda mrefu.

Ndani, Ushahidi alikuwa Ushahidi. Aliandika: dai zuri, uthibitisho uko wapi? Pengine ukuta wa studio ulikuwa unavuja kweli.

Basi zikawa siku za kusubiri, na hapa ndipo wiki ilipoonyesha thamani yake. Kwenye mkupuo, swali lile lingezikwa siku hiyohiyo chini ya maelfu ya wanaobishana kuhusu mwisho. Sasa watu mia tatu hawakuwa na sehemu nyingine ya kukimbilia. Walilizungusha swali, wakalipeleka huku na kule, mpaka Jumatatu likamfikia mwanamama aliyekuwa mkuu wa mandhari wa tamthilia yenyewe. Aliandika mwenyewe, akaambatanisha picha za ukuta ule kutoka studio.

Alithibitisha kwamba doa lilikuwa la makusudi. Kisha akasema jambo ambalo hata fundi bomba hakuwa amelifikiria. Tamthilia haipigwi picha kwa mpangilio wa hadithi. Tukio la mwisho la jiko lilipigwa siku ya kwanza, la kwanza likapigwa karibu na mwisho, na mengine yamechanganyika kama karanga na mahindi. Kwa hiyo mpaka rangi alilazimika kulikuza doa, kulipunguza, kulikuza tena, kila mara likiwa na umbo lilelile, kingo zilezile, kama vile maji yametembea yenyewe mbele na nyuma katika wakati.

"Lilikuwa na hatua kumi na nne za ukubwa," mkuu yule wa mandhari aliandika. "Alikuja siku ya kwanza akiwa ameshazijua zote kumi na nne. Sikuwahi kujua alijifunzia wapi. Nilimuuliza kama haumii kwamba huenda hakuna atakayeona. Akaniambia, maji nayo hayajionyeshi."

Ushahidi alisoma, akavua miwani, akaifuta kwa shati kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Dondoo ya kosa akaifuta. Ya fundi bomba akaipitisha. Kufikia Jumanne jioni wengine walikuwa wameona ndoo inayosogezwa chini ya sinki bila kutajwa, na bibi anayefuta mkono ukutani na kuunusa. Ukurasa uliokuwa ukingoni mwa kukunjwa ukafika dondoo thelathini na moja, ukaupita hata wa sehemu ya nne. Leo ni wa tatu kwa msimu mzima.

Jioni hiyo Dada Chujio alimsomea Mama barua yote. Mama alisikiliza mpaka mahali palipoandikwa kwamba hajulikani alijifunzia wapi. Hapo akanyanyua mkono.

"Rudia hapo."

Akarudia.

Mama akainuka, akaenda chumba cha Kitinda, akaegemea kabati kwa bega. Binti akakimbia kumsaidia. Kabati liliposogea, ukuta ukaonekana: madoa ya kahawia, madogo na makubwa, yamepangwa kutoka sakafuni hadi usawa wa macho, kila moja likiwa na umbo la mwenzake.

Mwaka Kitinda alipopata kazi ile, Mama aliyaona. Alidhani paa linavuja. Alimwita fundi wa paa, akapanda, akagonga mabati, akalipwa, akashuka. Wiki iliyofuata doa likawa kubwa zaidi. Mama akamwita tena fundi, akamgombeza, mtu wa watu akapanda mara ya pili kutafuta tundu lisilokuwepo. Kitinda alisimama uani akiwatazama, na kwa sababu ya sahihi yake hakuweza kusema. Alichofanya ni kusukuma kabati mbele ya ukuta.

"Na majani ya chai yalikuwa yanakwisha," Mama ananiambia, nilipomtembelea nyumbani, akicheka huku akijifuta macho kwa upindo wa kanga. "Nilisema huyu mtoto kapata mchumba anayependa chai. Kumbe chai anaupikia ukuta. Na yule fundi wa paa, Mungu anisamehe, nilimwita tapeli."

Fundi wa paa ameshaitwa mara ya tatu, safari hii kwa chakula na kuombwa radhi. Alisimama mbele ya ukuta akaugusa kwa kidole, akasema hata leo angepanda juu kutafuta.

Kwa sasa Dada Chujio ana maombi mawili kwa wakubwa wake. La kwanza, ukurasa usikunjwe kwa kuhesabu dondoo peke yake, maana tamthilia ya mkupuo hunyima sehemu za katikati wiki zake, na uchache wa dondoo si ushahidi kwamba hakuna cha kuona. La pili, Jumanne ya sehemu moja iwe utaratibu wa kudumu wa hifadhi. La pili limekubaliwa kwa majaribio. La kwanza linajadiliwa, na Ushahidi, kwa mshangao wa chumba kizima, ndiye aliyeliandikia barua ya kuliunga mkono, yenye kurasa tisa za ushahidi.

Tamthilia mpya iliyomwagwa alfajiri ya leo ndiyo wanayotaka kuanza nayo. Nilipomuuliza ataanzia sehemu gani, alicheka, akasema ya kwanza, kama watu wote, lakini hatakimbia.

Chumba cha Kitinda kinahitaji rangi. Dari imechakaa na mlango umechubuka. Mpaka rangi ameshaitwa na amekubaliana bei. Mama amemwekea sharti moja, nalo amelirudia mbele yangu, akiwa amesimama mbele ya ukuta ule, kanga imefungwa vizuri.

"Paka kote," alimwambia. "Huu uache. Wanadamu wana sehemu zao za kuruka. Mungu hana."